Mfa Maji Hapigi Kelele

Ukitazama katuni ya dakika tatu unaweza kudhani ni kazi ya mchana mmoja tu. Nami nilidhani hivyo. Mwaka wa 2025 mlezi wa chama chetu alitutangazia kwamba shule ya msingi jirani ilikuwa imetuomba tuwatengenezee wanafunzi wa Gredi ya Nne katuni ya kuwafundisha usalama wa maji. Chama cha kompyuta kingechora na kupiga picha, nasi wa Kiswahili tuandike maneno. Niliinua mkono kabla hajamaliza kusema. "Mswada niachieni mimi," nikatamka, kifua mbele kama jogoo wa shamba. Sikuwaambia wenzangu kwa nini.

Sababu yenyewe ni hii. Kwetu ni upande wa Ndarugo, Kaunti ya Kiambu, ambako mawe ya kujengea hukatwa ardhini. Timbo likiisha mawe huachwa vivyo hivyo, wazi, na masika yakija hujaa maji. Mwezi wa Aprili 2020 shule zote zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, na mvua ilikuwa inanyesha si mchezo. Siku moja tulitumwa maji, mimi na binamu zangu wawili, watoto wa shangazi. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, mdogo tisa, nami nilikuwa darasa la tano. Yule mdogo aliingia majini kuosha miguu. Akasonga hatua moja, akasonga ya pili, kisha nikaona kichwa tu.

Nilicheka. Naam, nilicheka, maana nilidhani anacheza. Hakulia wala hakuita. Kaka yake ndiye aliyeng'amua. Alivua shati akaruka. Alimfikia, na alipomfikia yule mdogo alimpanda mabegani kama mtu anayepanda mti. Nilitimua mbio kuwaita vijana waliokuwa wakikata mawe timbo la pili. Walikuja na ubao mrefu, wakaunyoosha, mdogo akavutwa. Mkubwa alitolewa baada ya muda mrefu, na huko sitakupeleka.

Miaka mitano nilikuwa nimeyabeba hayo. Basi nilipopewa mswada, niliketi usiku mmoja kwenye bweni, tochi mdomoni, nikaandika kwa mpigo mmoja. Wahusika walikuwa Sungura na Chura. Chura alizama, akapunga mikono, akalia "Nisaidieni! Nisaidieni!" mara tatu. Sungura akapiga moyo konde, akajitosa majini, akamburura rafiki yake hadi ukingoni, na kijiji kizima kikampigia vigelegele. Nilipomaliza nililia kidogo. Nilikuwa nimemwandika binamu yangu akiruka, na safari hii ametoka.

Mwalimu mlezi alipousoma hakusema kitu. Alitoa simu yake, akaweka saa ya kuhesabia sekunde, akaniambia nisome kwa sauti, polepole, kama ninayemsomea mtoto wa miaka tisa. Maneno yalikuwa mia sita na arobaini. Nilipofika mwisho zilikuwa zimepita karibu dakika saba. "Filamu ni dakika tatu," akasema. "Na vijana wa kompyuta wameniambia wanahitaji picha kumi na mbili kwa kila sekunde. Piga hesabu." Nikapiga: sekunde mia moja na themanini mara kumi na mbili ni picha 2,160. Kwa dakika saba zingekuwa zaidi ya elfu tano! Hata kwa vikaragosi vya karatasi vinavyosogezwa kidogo kidogo mezani na kupigwa picha kwa simu, hiyo ni kazi ya kumaliza muhula mzima. Kwa hivyo kila neno nililoliandika kulikuwa na mtu wa kulilipia kwa mikono yake.

Ila shida ya urefu ilikuwa ndogo. Kabla hatujachora lolote, Mwalimu alitupeleka katika ile shule ya msingi tukawasomee watoto mswada, kisha tuwaulize swali moja tu: ukimwona mwenzako anazama, utafanya nini? Mikono ikainuka msitu mzima. Kijana mmoja wa dawati la mbele akasimama akasema, "Nitaruka kama Sungura!" Darasa likashangilia. Msichana mwingine akauliza, "Lakini Mwalimu, si chura huogelea tu?" Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi jasho lilinitoka la baridi. Kwa dakika saba nilikuwa nimewafundisha watoto arobaini jambo lile lile lililomuua binamu yangu, na walikuwa wamelielewa barabara.

Jumamosi ile niliomba ruhusa nikaenda kwa shangazi. Nilimsomea mswada jikoni akichambua maharagwe. Aliposikia vigelegele vya kijiji, aliweka ungo chini. "Mwanangu," akaniambia, "wangu alikuwa anajua kuogelea. Aliruka vizuri. Watoto hao utawaambia nini kuhusu yeye?" Sikuwa na jibu. Nikauchana mswada papo hapo nikautia mekoni.

Tukaanza upya, na safari hii tukaanza na kuuliza. Mtu anapozama, hasa hutokea nini? Sisi wa chama cha Kiswahili tulikuwa na methali mdomoni: mfa maji haachi kutapatapa. Kwa sababu ya methali hiyo kila mmoja wetu alikuwa akimchora mfa maji akirusha mikono juu na kupiga mayowe. Kumbe sivyo. Yapata miaka hamsini iliyopita, mlinzi mmoja wa waogeleaji katika ufuo wa Niu Yoki, Frank Pia, alitazama filamu zilizopigwa za watu wakizama kweli kweli, akaandika alichokiona. Mtu huyo huwa wima majini, kama amesimama, wala miguu haimsukumi kwenda popote. Kichwa kimelalia nyuma, mdomo uko sawa na uso wa maji, unazama na kuibuka. Akiibuka, nafasi ni ya kuvuta pumzi tu, haitoshi kuita. Mikono haipungi, bali imetandazwa kando ikisukuma maji kwenda chini, kama anayetaka kupanda ngazi isiyoonekana. Mwili ndio unaoamua hayo, hata mwenyewe akitaka kuinua mkono hawezi. Na mambo yote haya huchukua kati ya sekunde ishirini na sitini, kisha huzama.

Niliposoma hayo niliona uso wa binamu mdogo mbele yangu, kichwa nyuma, nywele machoni, na mimi nikicheka.

Mwalimu akatukumbusha kwamba wahenga wana methali ya pili kuhusu jambo hilo hilo: mfa maji hukamata maji. Hiyo sasa ni picha halisi! Mikono inakamata maji kwa sababu hakuna kingine cha kukamata. Hata ile ya kwanza haikusema uongo, akasema, ila sisi ndio tuliomtia kelele ambazo methali haikumpa. Tukakubaliana kwamba katika katuni yetu anayezama hatatamka hata silabi moja.

Jambo la pili tulilotaka watoto walione ni timbo lenyewe. Hapa ndipo katuni inashinda picha za kamera, maana kamera haioni chini ya maji ya matope, lakini kalamu inaweza kulikata timbo katikati kama mkate ukaona ndani. Mto una mteremko, ukiingia unazidi kidogo kidogo hadi magoti, hadi kiuno. Timbo halina mteremko. Mawe hukatwa kwa misumeno katika ngazi zilizonyooka, kwa hivyo ukingoni maji yanaweza kuwa ya kukufika kwenye vifundo vya miguu, nawe umesimama juu ya ngazi ya mwisho bila kujua. Hatua moja zaidi hakuna chini. Na ukigeuka kutaka kutoka, ukuta umesimama wima, umelowa, una utelezi, hauna pa kushika. Ni kama mende aliyeangukia ndani ya ndoo. Tulichora mguu mdogo ukinyanyuka kutoka ngazi ya mwisho, nao ukabaki hapo hewani kwa sekunde nne bila muziki wowote. Watoto wote tuliowaonyesha walishika pumzi.

Hebu nikuonyeshe kipande cha mswada wa mwisho. Tuliuandika kwa njia ya waandishi wa filamu, kinachoonekana mbali na kinachosikika, ili sauti isirudie kile ambacho macho tayari yamekiona.

ONYESHO LA TATU (sekunde 35)
Kinachoonekana: Mvulana mwenye sweta nyekundu amezama hadi mdomoni. Kichwa nyuma. Mikono inasukuma maji. Ukingoni, msichana mwenye mtungi na rafiki yake wanamtazama wakitabasamu.
Kinachosikika: Kimya. Chura mmoja mbali. Kimya.
Msichana: Uko sawa?
(Kimya, sekunde tatu.)
Msimulizi: Hajajibu. Anayecheza hujibu.

ONYESHO LA NNE (sekunde 50)
Kinachoonekana: Rafiki anageuka na kukimbia kuelekea kwa watu wazima. Msichana anataka kuingia majini. Picha inasimama. Mguu wake unarudi nyuma.
Msimulizi: Usiingie. Akikushika, mtazama wawili.
Kinachoonekana: Analala kifudifudi, anasukuma ufito mrefu kuelekea mkono wa mvulana. Haufiki. Anashika mtungi.
Msimulizi: Lala chini. Nyoosha. Haufiki? Rusha.

Umeona maneno yalivyopungua? Mswada wote ulikuwa na maneno mia moja na sabini, na yaliyobaki ni kimya. Wenzangu wengine hawakupenda. Walisema ati chama cha Kiswahili kimeandika mswada usio na Kiswahili, hauna tashbihi hata moja. Nami nilikuwa na tashbihi nzuri sana ya mawimbi, nikaizika kwa uchungu.

Lile neno "Lala chini" lilitugharimu wiki nzima. Katika picha za kwanza msichana alikuwa amesimama wima akivuta ufito. Tukajaribu uwanjani kwa kamba: mmoja amesimama ukingoni mwa mchanga wa kurukia, mwingine mdogo kuliko yeye anavuta ghafla. Kila mara aliyesimama aliangukia ndani. Aliyelala kifudifudi, miguu imetanuliwa, hakusogea. Vijana wa kompyuta wakachora upya picha mia tatu, wakininung'unikia.

Na mtungi je? Watoto wa kwetu hawaendi timboni na maboya, ila mtungi wa plastiki hawakosi, maana mara nyingi ndio uliowapeleka huko. Tulichagua ule wa lita tano wa mafuta ya kupikia. Mwalimu wa Fizikia alitufafanulia kwamba mtungi huo, ukifungwa kifuniko barabara, hubeba karibu kilo tano kabla haujazama. Ni kidogo, lakini mwili ukiwa majini maji yenyewe huubeba karibu wote. Kinachotakiwa kubaki juu ni pua na mdomo tu. Mtu akiukumbatia kifuani, unatosha. Ukikosa kifuniko, maji yataingia na utakuwa umemrushia jiwe.

Shida ilikuwa kuurusha. Tulipoujaribu uwanjani ukiwa mtupu, upepo uliupeperusha kama karatasi, ukaanguka hatua sita mbele yetu. Kisha tukatia vikombe viwili vya maji ndani, yaani karibu nusu lita, tukafunga. Ukaruka hatua kumi na tatu! Ule uzito mdogo unaupa mtungi mwendo, nao bado unaelea vizuri. Hilo tukalipa onyesho zima: msichana anachovya, anafunga, anarusha. Kamba ya nailoni imefungwa kwenye mkono wa mtungi, na ncha nyingine ameikanyaga isije ikaenda nayo.

Kosa letu la mwisho aliliona mwalimu wa michezo aliyewahi kufundisha kuogelea. Katika picha zetu mtungi uliangukia mbele ya mvulana, umbali wa mkono mmoja, naye akaunyoshea mkono akaushika. "Hawezi," akasema. "Mmeniambia wenyewe kwamba mikono haimtii. Lazima mtungi au kamba imguse." Kweli tupu, na ilikuwa imetupita. Tukachora upya: msichana anarusha mtungi upite bega la mvulana, kisha anavuta polepole mpaka kamba imlalie mikononi na mtungi umfikie kifuani. Safari ya kwanza anakosa. Anavuta, anarusha tena. Tuliacha akose makusudi, ili mtoto atakayekosa siku ya kweli asidhani kwamba mambo yameisha.

Yako tuliyoyaacha nje. Jinsi ya kumpulizia pumzi aliyetolewa majini hatukuiweka, kwa sababu haifundishiki kwa sekunde ishirini za katuni. Tuliweka tu watu wazima wakifika na kumchukua mvulana. Watoto wachanga wanaozama katika beseni na matangi nyumbani hatukuwagusa pia, maana hao wanahitaji filamu ya mama na baba, si ya Gredi ya Nne. Wala hatukumwahidi mtazamaji kwamba mtungi utaokoa kila mtu. Aliyekwisha kuzama kabisa mtungi haumpati. Ndiyo maana rafiki anakimbia kuwaita wakubwa sekunde ile ile, kabla ya ufito, kabla ya kila kitu.

Kuna kitu kimoja sikuwaambia wenzangu hadi siku ya mwisho ya kurekodi sauti. Siku ile ya 2020, nilipokuwa nikitimua mbio kuwaita vijana wa timbo, nilikuwa na mtungi mkononi. Ule mkubwa wa lita ishirini, mtupu, una kifuniko. Nilikimbia nao huko na kurudi nao, na niliporudi bado niliushikilia kwa mikono miwili, na maji yalikuwa yametulia. Ungeweza kuwabeba wote wawili. Nilipowaeleza, msichana aliyekuwa msimulizi wetu aliweka simu ya kurekodi chini, tukakaa. Kisha akasema tuanze tena onyesho la nne, kwa sababu sasa alijua jinsi ya kulisema neno "Rusha".

Tarehe 25 Julai huwa ni Siku ya Kuzuia Watu Kuzama Majini Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 2021. Mwaka huo wa 2025 iliangukia Ijumaa, nasi tulienda kuwaonyesha wale watoto katuni, ukutani, mapazia yakiwa ni mablanketi ya bweni letu. Shangazi alikuja. Binamu mdogo hakuja, na sikumlazimisha. Katuni ilipofika penye kimya, darasa zima lilinyamaza kwa sekunde chache, kisha mtoto mmoja nyuma akapayuka, "Anazama! Huyo anazama!" kabla msimulizi hajasema lolote. Hapo ndipo nilipopumua.

Tukauliza swali letu lile lile. Yule kijana wa dawati la mbele, wa Sungura, akasimama. Akafikiri kidogo. "Nitaita mtu," akasema, "halafu nitalala chini." Akaketi, kisha akasimama tena. "Na nisipokuwa na mtungi?" Tulitazamana. Mswada haukuwa na jibu la hilo, ila ufito, na pale timboni fito zote zimeshakuwa kuni.

Shangazi ndiye aliyejibu, si kwa maneno. Wiki iliyofuata alinunua kamba ya nailoni ya bluu, mita kumi na tano, akaifunga kwenye mtungi wa lita tano wenye vikombe viwili vya maji ndani, akautundika kwenye mgunga ulio karibu na lile timbo, mahali mtoto wa miaka tisa anaweza kufika. Tangu hapo umeibwa mara mbili, na mara mbili ameurudisha mwingine.